Shajara ya Kurudia C1: Karatasi Moja, Julai hadi Novemba

Julai, siku ya pili baada ya matokeo

Kati ya karatasi mbili za hatua ya mwisho nilizofanya Mei, ya ukaguzi nimefaulu na ya taarifa za fedha, ile ambayo watahiniwa wote tunaiita C1, nimeshindwa. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu hufanyika Mei na Novemba, kwa hiyo nina takriban miezi minne. Jana nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, ulikosa muda wa kusoma?" Nilijibu kwamba muda nilikuwa nao. Jibu hilo ndilo limenifanya nifungue shajara hii, kwa sababu ni kweli nilikuwa na muda, na bado sijui ulikwenda wapi.

Julai, Jumapili

Leo nimechukua kalenda ya simu yangu pamoja na madaftari yote ya Januari hadi Mei, nikajaribu kuhesabu saa nilizosoma na aina ya kazi niliyoifanya katika kila saa. Kwa wastani nilisoma saa 14 kwa wiki, nazo si chache kwa mtu aliyeajiriwa. Nilipozigawa, nyingi zilikuwa za kusoma kitabu na kupigia mstari, nyingine za kusikiliza mihadhara iliyorekodiwa, na sehemu kubwa ya Aprili ilikuwa ya kupitia pasti pepa za nyuma pamoja na majibu yake. Saa nilizokaa na karatasi tupu, kalamu mkononi, nikajibu swali zima tangu mwanzo hadi mwisho bila kuangalia jibu, ni 9. Si 9 kwa wiki. Ni 9 katika miezi yote mitano.

Nimeirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sababu sikuiamini. Pasti pepa nilizipitia kwa kusoma swali, kisha jibu, kisha kutikisa kichwa kwa kuridhika kwamba kila hatua naielewa. Nilikuwa naielewa kweli. Lakini kuielewa hatua iliyokwisha kuandikwa na mwingine ni kazi moja, na kuitoa mwenyewe pale ambapo hakuna kilichoandikwa ni kazi nyingine kabisa, na mtihani unapima hiyo ya pili.

Julai, wiki iliyofuata

Nimelifanya upya swali la kwanza la Mei, lile la lazima la alama 40 kuhusu hesabu za kundi, yaani za kampuni mama na tanzu zake zikiunganishwa, kwa saa ya ukutani na bila kitabu. Sikutaka kukisia ni wapi nilianguka. Nilitaka nione makosa yenyewe. Dada mmoja wa kazini, mkaguzi aliyemaliza mitihani ya bodi zamani, alikubali kunisahihishia kwa kalamu nyekundu, na tulikaa naye baada ya saa za kazi hadi walinzi walipokuja kuzima taa.

Nayaandika kwa ukamilifu, kwa takwimu nilizozirahisisha, kwa kuwa mradi wote unajengwa juu ya makosa haya.

Kampuni mama ilinunua asilimia 75 ya hisa za kampuni tanzu kwa shilingi milioni 900. Thamani ya haki ya sehemu iliyobaki kwa wanahisa wasio na udhibiti ilikuwa milioni 260. Vitabu vya tanzu vilionyesha mali halisi za milioni 920, lakini maelezo chini ya swali yalisema kwamba jengo lake moja lina thamani ya haki inayozidi ya vitabuni kwa milioni 80. Mali halisi sahihi siku ya ununuzi ni milioni 1,000, na gudwili, yaani ziada ya thamani ya kampuni juu ya mali hizo, ni 900 kujumlisha 260 kutoa 1,000, yaani milioni 160. Mimi niliandika milioni 240, kwa sababu nilichukua 920 nikalisahau jengo. Kosa hilo halikuishia hapo. Jengo lilikuwa limebakiza miaka 20, na miaka miwili ilikuwa imepita tangu ununuzi, kwa hiyo ulihitajika uchakavu wa ziada wa milioni 4 kwa kila mwaka, jumla milioni 8, ambao milioni 6 ni za kundi na milioni 2 ni za wanahisa wasio na udhibiti. Uchakavu huo nao haukuwamo.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa kiasi, lakini ndilo lililoniuma zaidi. Tanzu iliiuzia mama bidhaa za milioni 60 kwa faida ya asilimia 25 juu ya gharama, na nusu ya bidhaa hizo zilikuwa bado stoo mwisho wa mwaka. Nilichukua milioni 30 nikazidisha kwa asilimia 25, nikapata faida isiyotimia, yaani iliyomo kwenye bidhaa ambazo kundi bado halijaziuza nje, ya milioni 7.5. Faida ikiwa juu ya gharama, bei ya kuuzia ni 125 kwa kila 100 ya gharama, kwa hiyo faida iliyomo ndani ya milioni 30 ni 25 juu ya 125, yaani milioni 6. Na kwa kuwa muuzaji ni tanzu, milioni 1.5 kati ya hizo zinawaangukia wanahisa wasio na udhibiti. Mimi nilizitoa zote kwenye faida ya kundi.

Dada aliweka kalamu chini akaniambia, "Mdogo wangu, hesabu ya asilimia unaijua. Hapa hukuijibu kwa sababu hukusimama kujiuliza asilimia hiyo ni ya nini."

Kosa la tatu halimo kwenye jibu bali kwenye saa. Karatasi ni ya alama 100 kwa saa 3, maana yake kila alama ina dakika 1.8, na swali la alama 40 linastahili dakika 72. Nilitumia 104. Mizania haikulingana, nami nikatumia muda mrefu kuitafuta tofauti, nikifuta na kuandika upya. Nakumbuka kwamba Mei nilifanya vivyo hivyo, na kwamba swali la mwisho nililigusa kwa mistari minne tu.

Agosti 3

Nimeanzisha daftari la makosa. Kila kosa lina mstari wake: swali lilitaka nini, niliandika nini, sababu, na tarehe ya kulirudia. Sababu ni nne tu, kwa makusudi, ili nisijifiche katika maneno: sikuwahi kuelewa, nilielewa lakini sikukumbuka, sikusoma swali, muda. Kosa la gudwili limeandikwa "sikusoma swali". La asilimia nilitaka kuliandika "sikukumbuka", kisha nikalihamishia "sikusoma swali", kwa sababu neno "gharama" lilikuwa limeandikwa waziwazi.

Kosa hurudiwa baada ya siku 2, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki 3. Nikilikosa tena katika zamu yoyote, linaanza upya. Kurudia hapa si kulisoma kosa; ni kulifanya swali lenyewe, takwimu zikiwa zimebadilishwa, kwenye karatasi tupu.

Agosti 10

Kwa mada fupi ninatumia kadi: swali mbele, jibu nyuma. Naishi Kimara na napanda mwendokasi kwenda mjini. Jaribio la kutumia kadi nikiwa nimesimama halikufaa, kwani mkono mmoja unashika bomba na mwingine mkoba, na kadi mbili zimekwisha kukanyagwa. Sasa natoka nyumbani dakika 20 mapema, naacha basi moja au mawili yapite pale mwanzo wa njia ili nipate kiti, na hadi Kivukoni ninapitia kadi 15 hadi 20. Sharti nililojiwekea ni kulisema jibu kwa midomo kabla ya kugeuza kadi. Nikiigeuza mapema, nahesabu nimekosa.

Agosti 17

Wiki mbili sasa, na ninajisikia nimerudi nyuma. Zamani nilimaliza sura moja kwa jioni. Sasa jioni nzima inakwisha kwenye maswali mawili, na mengi nakosa. Nilimweleza dada, naye akanisimulia utafiti wa wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, uliochapishwa mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena, jingine likafunika na kuandika lililoweza kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo, wakikumbuka takriban asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibakiwa na takriban asilimia 42, na waliojipima walikuwa na 56.

Kilichonigusa ni ile dakika ya tano. Mimi miezi yote mitano nilijipima kwa hisia za dakika ya tano, mara tu baada ya kufunga kitabu, wakati ambapo kusoma tena kunaonekana kweli kuwa ndiyo njia bora.

Agosti 29

Kodi iliyoahirishwa imenishinda kwa kadi. Kadi tatu zimeanza upya mara nne kila moja, na kila mara nalikariri jibu kisha linapotea. Leo nimekubali kwamba nilizipa sababu isiyo yake: niliandika "sikukumbuka", kumbe ni "sikuwahi kuelewa". Kujipima hukusaidia kukitoa kilichomo kichwani, lakini kama hakikuwahi kuingia, hakuna cha kutoa. Nimeziondoa kadi hizo kwenye kisanduku na kuirudia sura tangu ukurasa wa kwanza, polepole, kwa mfano mmoja wa mashine ambayo uchakavu wake vitabuni ni milioni 10 kwa mwaka huku mamlaka ya kodi ikiruhusu kupunguza milioni 25 mwaka wa kwanza. Tofauti ya milioni 15, kwa kodi ya asilimia 30, inaleta dhima ya milioni 4.5, kwa kuwa kodi niliyoiepuka leo nitaidaiwa miaka ijayo mashine ileile itakapokuwa haina tena cha kupunguza. Nilipoweza kumweleza dada sababu hiyo bila kutaja kanuni yoyote, ndipo nilipoandika kadi mpya.

Septemba 6

Kufunga hesabu za mwezi kazini. Hakuna nilichosoma tangu tarehe 1 isipokuwa kadi za kwenye basi. Nimeamua kwamba siku 5 za mwanzo wa kila mwezi hazitapangiwa mada mpya kamwe. Mpango wangu wa zamani ulizipangia, na kila mwezi nilianza nikiwa na deni, nikilipa deni hilo kwa kukesha.

Septemba 20

Hii ndiyo wiki iliyonifundisha zaidi tangu Julai, nayo ilianza kwa mshtuko. Tangu Agosti nilikuwa nikifanya maswali kwa mada: wiki ya hesabu za kundi, wiki ya mapato kutokana na mikataba, wiki ya ukodishaji. Alama zilipanda vizuri, na katika ukodishaji nilifikia 15 kwa 20. Jumamosi dada aliniletea maswali manne aliyoyachanganya mwenyewe, amekata vichwa vyote vya habari kwa mkasi. Swali mojawapo lilihusu kampuni iliyoliuza jengo lake kwa benki na kuendelea kulitumia kwa malipo ya kila mwaka. Nilitumia nusu ya muda nikilichukulia kuwa ni suala la mapato kwa sababu lilianza na neno "iliuza". Nilipata 8 kwa 20, katika mada ileile niliyodhani nimeimaliza.

Nimelifikiria jambo hili siku tatu. Ninapofanya maswali kumi ya ukodishaji kwa mfuatano, kichwa cha sura kimekwisha kunifanyia kazi iliyo ngumu kuliko zote, yaani kutambua kwamba hili ni la ukodishaji. Mimi ninabaki na hesabu tu. Chumba cha mtihani hakina vichwa vya sura. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya kosa la "sikusoma swali" linalojaza daftari langu ni hili hasa: sikuwahi kufanya mazoezi ya kutambua.

Kuanzia leo hakuna wiki ya mada. Kila kikao kina maswali matatu kutoka mada tatu, na kabla ya kugusa kikokotoo naandika mstari mmoja juu ya karatasi: linahusu nini, kiwango gani cha uhasibu, na neno gani ndani ya swali limeniambia hivyo. Kwa swali la jengo mstari sahihi ungekuwa: kuuza na kukodi upya, kiwango cha ukodishaji IFRS 16, "kuendelea kulitumia kwa malipo". Alama zimeshuka kwa wiki nzima, na sitarudi kwenye utaratibu wa zamani kwa sababu ya hilo.

Oktoba 4

Alama za maswali mchanganyiko: 9, 11, 10, 12, 12 kwa 20.

Oktoba 12

Nimehesabu daftari la makosa: mistari 51. "Sikuwahi kuelewa" ni 8, "sikukumbuka" ni 13, "sikusoma swali" ni 19, "muda" ni 11. Mwezi huu "sikusoma swali" imeongezeka mistari 2 tu. Sasa adui aliyebaki ni muda, na karibu mistari yote 11 inatokana na jambo moja: mizania isiyolingana.

Nilimuuliza dada alivyofanya yeye. Alisema, "Msahihishaji hakupi alama ya kulingana peke yake. Anakwenda kwenye kazi zako za chini, moja baada ya nyingine. Gudwili ina alama zake, faida isiyotimia ina zake, na wanahisa wasio na udhibiti wana zao. Ukitumia dakika 25 kutafuta alama mbili, umeuza swali zima la mwisho." Kisha akaniwekea utaratibu: kila kazi ya chini iwe na namba na kichwa, iandikwe kwenye ukurasa wake, na saa ikifika dakika 72 niandike jumla zilizopo, nifungue ukurasa mpya, niende swali la pili, hata kama pande mbili zinapishana.

Kuandika hivyo ni rahisi. Mimi ni mhasibu, na tangu siku ya kwanza kazini nimefunzwa kwamba hesabu isiyolingana haiondoki mezani. Katika jaribio la kwanza dakika ya 72 ilifika, nikaendelea hadi ya 85 huku nikijua ninachofanya.

Oktoba 26

Jaribio la tatu la karatasi nzima, Jumamosi, saa 3 kamili, kwenye meza ya chumba cha mikutano kazini. Niliondoka kwenye swali la kwanza katika dakika ya 74, mizania ikiwa na tofauti. Maswali mengine yote niliyagusa kikamilifu. Dada alinipa alama 58 kwa 100. Ni mkali kuliko ninavyodhani msahihishaji atakuwa, lakini hilo silihesabii. Swali la kwanza, pamoja na tofauti yake, lilipata 25 kwa 40. Katika jaribio la Agosti, ambapo nilihakikisha imelingana, lilipata 27, na karatasi nzima ikapata 41.

Nimeziandika namba hizo nne kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza.

Novemba, wiki ya mtihani

Hakuna mada mpya. Kadi asubuhi, mistari ya daftari iliyo zamuni, kulala saa 4 usiku. Mei nilikesha usiku wa kuamkia mtihani nikisoma majibu ya pasti pepa, na sasa najua usiku ule ulinipa hisia ya dakika ya tano tu.

Novemba, jioni ya mtihani

Naandika kabla maelezo hayajachanganyika.

Swali la kwanza lilikuwa la hesabu za kundi. Niliandika mstari wa kutambua kwa kila aya ya maelezo ya ziada, aya sita, kabla ya kukokotoa lolote. Ya tatu ilikuwa na bidhaa zilizobaki stoo, faida ikiwa ya asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Nilipigia mstari "bei ya kuuzia", nikaandika pembeni "si gharama", nikazidisha moja kwa moja. Kazi za chini zilifika saba, kila moja na ukurasa wake.

Katika dakika ya 70 nilijumlisha. Upande wa mali ulipungua kwa milioni 12. Mkono ulianza kurudi kwenye ukurasa wa kwanza wenyewe. Niliangalia saa ya ukutani, nikaandika jumla mbili zilivyo, nikafungua ukurasa mpya na kuandika "Swali la 3". Maswali mengine matatu yalikwisha zikiwa zimebaki dakika 6, na sikurudi kwenye mizania, bali nilizitumia kumalizia maelezo ya swali la mwisho yaliyokuwa mafupi.

Nilipokaa kwenye mwendokasi, pale Magomeni hivi, milioni 12 ilijileta yenyewe. Kampuni mama iliidai tanzu milioni 50. Vitabu vya tanzu vilionyesha deni la milioni 38, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutuma 12 ambazo hazijafika. Niliondoa 50 kwenye wadaiwa na 38 kwenye wadai, lakini sikuziongeza zile 12 kwenye fedha taslimu kama pesa zilizo njiani.

Dada alipiga simu nilipofika nyumbani. "Ililingana?" Nikamwambia haikulingana, na nikamweleza ni kwa nini. Alicheka kwa furaha, akasema, "Na ukaondoka?"

"Niliondoka, dada."

Matokeo yatakuja kwa wakati wake. Nimelifungua daftari na kuandika mstari wa 64: pesa zilizo njiani, niliondoa deni pande zote mbili bila kuziongeza kwenye fedha taslimu, sababu, sikukumbuka, kurudia keshokutwa.